Kutojibu barua siyo kufa: pensheni ya mstaafu aliye nje inavyokatwa na inavyorudi

Sistimu ya pensheni ikimwangalia mstaafu anayeishi nje ya nchi inamuona katika hali mbili tu, amejibu au hajajibu ile barua ya kumtaka athibitishe kwamba bado yuko hai, basi. Kama hajajibu kompyuta haijui amefariki, amehama, amelazwa, amepoteza miwani au barua ilipotelea posta ya katikati, yote hayo kwake ni kitu kimoja na kwa kitu hicho kimoja ina jibu moja, inasimamisha hela. Nataka tuangalie hapo hapo, kwenye ile sehemu ambapo ukimya wa mtu unasomwa kama kifo, maana naona watu wengi wanagombana na wazo lenyewe la uhakiki wakati tatizo liko kwenye namna unavyofanyika.

Uhakiki wenyewe una sababu, tusijidanganye. Mtu akifia ndani ya nchi inayomlipa, kifo kinaandikishwa na taarifa inasafiri mpaka idara ya pensheni, iwe kwa msajili, kwa hospitali au kwa wale wa mazishi, na mara nyingi familia haihitaji hata kupiga simu ndo malipo yasimame. Akifia nchi nyingine kifo kinaandikwa kwenye rejista ya huko, kwa lugha ya huko, na rejista hiyo haiongei na idara inayomlipa. Kwahiyo hela inaendelea kuingia kila mwezi kwenye akaunti ya marehemu, na mara nyingi kuna mtu ana kadi na namba ya siri, labda mtoto ambaye wala hakukusudia kuiba, alizoea tu kumtolea mama hela, na miaka miwili baadaye serikali inamdai yote. Hiyo inatokea kweli na ndio maana karibu kila nchi inayolipa wastaafu walio nje ina aina fulani ya cheti cha uhai.

Lakini ona kitu kimoja ambacho kwangu kinasema mengi. Ufaransa imekubaliana na nchi kadhaa za Ulaya, Ujerumani na Ubelgiji zikiwemo, kwamba rejista zao zibadilishane taarifa za vifo moja kwa moja, na mstaafu wa Kifaransa anayeishi kwenye nchi hizo kwa kawaida haletewi kabisa fomu ya uhai, wakati mwenzake anayelipwa na mfuko ule ule ila anaishi nchi isiyo na makubaliano hayo anatafuta sahihi na mhuri kila mwaka. Wote wawili ni waaminifu sawa. Tofauti ni waya uliounganisha ofisi mbili, na pale ambapo waya haupo kazi ya ule waya amepewa mzee wa miaka themanini aibebe kwa miguu yake mwenyewe. Mimi hapo ndo naanzia hoja yangu, kwamba kama serikali inamtumia mstaafu kuziba pengo la rejista zake basi kosa la posta lisihesabiwe kuwa kosa la mstaafu.

Sasa tuone nchi tatu zinavyofanya maana hazifanani hata kidogo.

Uingereza inatuma cheti cha uhai kwa barua, na mstaafu ana wiki 16 za kukirudisha kikiwa kimesainiwa na shahidi. Shahidi siyo yeyote, awe mtu wa taaluma au nafasi inayokubalika katika jamii, aina ile ile ya watu wanaothibitisha maombi ya pasipoti, na asiwe ndugu wala mtu mnayeishi nyumba moja. Wiki 16 zinasikika nyingi, karibu miezi minne, lakini zihesabu vizuri. Tuseme barua imechukua wiki tano kufika, ikakaa kwenye sanduku la posta wiki mbili kwasababu anayefungua sanduku ni mjukuu na alikuwa shule, hapo zimebaki tisa. Kumpata daktari au mwanasheria atakayekubali kusaini ni wiki mbili nyingine kama mstaafu anaishi mbali na mji na hamjui hata mmoja wao kwa karibu. Zimebaki saba, na barua ya kurudi ikichukua tano tena kama ile ya kuja, umebaki na wiki mbili tu za usalama, bado hujahesabu muda wa fomu kukaa mezani kwa watu wa ofisini kabla hawajaiingiza kwenye kompyuta. Na hapo hamna mtu aliyezembea kwenye huo mfano wote! Ikitokea shahidi amesahau kuandika kazi yake au amesaini pasipo tarehe, fomu inaweza kurudishwa na safari inaanza upya.

Marekani wao ni tofauti, hawataki shahidi kwenye hali ya kawaida. Wanatuma fomu ya maswali, SSA-7162, na kama mstaafu ana mtu aliyeteuliwa rasmi kupokea kwa niaba yake basi huyo mpokeaji anatumiwa SSA-7161. Siyo cheti cha uhai kitupu, inauliza pia kama umehama, kama umeoa au kuolewa, kama unafanya kazi, vitu ambavyo vinaweza kubadilisha malipo, kwahiyo mtu anayedhani ni sahihi tu anaruka maswali na fomu inakuwa nusu. Mashahidi wanaingia pale mtu asipoweza kuandika jina na anaweka alama, hapo wanatakiwa wawili. Wastaafu wengi hawaipati kila mwaka, wanaipata mwaka mmoja na kuruka mwingine, na hilo lenyewe ni mtego, maana mtu anazoea mwaka mzima bila kuulizwa kitu halafu mwaka wa pili hata hakumbuki kwamba kuna barua anapaswa kuisubiri.

Kalenda yao iko hivi. Barua ya kwanza inatoka karibu na mwezi Mei au Juni. Asiyejibu anatumiwa ya pili mwezi Septemba. Akikaa kimya mpaka mwaka unageuka, malipo yanasimama kuanzia Februari. Kwa karatasi ni utaratibu wa huruma kabisa, una miezi saba au nane na umekumbushwa, sasa nini zaidi unataka?

Tuchukue mfano wa kutunga. Kuna bibi anapokea dola 900 kwa mwezi kutoka Marekani, alifanya kazi huko ujanani akarudi kwao. Mwezi Machi alihamia kwa binti yake mji mwingine na hakuna aliyekumbuka kuandikia ofisi ya pensheni, kwani hela yenyewe inaingia benki na benki haikuhama. Juni barua inakwenda anuani ya zamani. Septemba barua ya pili inakwenda wapi? Anuani ile ile ya zamani. Hapa ndo pana shimo lenyewe, kikumbusho kimepita njia ile ile iliyoshindwa mara ya kwanza kwahiyo siyo onyo la pili, ni onyo la kwanza limerudiwa kwenye mlango ambao hakuna mtu. Januari yule bibi ana afya, anakula, anasali, na kwenye kompyuta tayari anahesabiwa kama mtu asiyejulikana alipo. Tarehe 3 ya mwezi ndiyo siku wastaafu wa Marekani walio nje wanalipwa kwa kawaida, Februari inafika hakuna kitu, binti anasema labda benki imechelewa, wanasubiri. Machi tena hakuna. Ndo wanaanza kuuliza, na kuuliza kwenyewe siyo rahisi maana balozi nyingi hazina ofisi ya mafao ya wastaafu ndani yake, ofisi moja inahudumia nchi kadhaa na iko nchi nyingine. Mpaka fomu mpya ijazwe, ipokelewe na iingizwe, tuseme ni mwisho wa Aprili. Mwezi Mei anapata dola 900 za mwezi huo pamoja na malimbikizo ya miezi mitatu, dola 2,700.

Kwahiyo hajapoteza kitu? Kwa mahesabu ya ofisi hapana, kila dola imerudi. Lakini hakuna riba juu ya hela iliyochelewa, na ile miezi mitatu binti alikopa, dawa za presha zilinunuliwa nusu dozi, kodi ililipwa kwa msaada wa kanisa. Ofisi inaandika kwenye faili kwamba malipo yalisimamishwa na kurejeshwa, hakuna hasara. Sina tatizo na wao kuandika hivyo ila naomba tusiamini kwamba ni kweli.

Nchi ya tatu ni Italia, na mimi ndiyo mfumo wake unaonivutia kuliko yote, siyo kwamba ni mzuri sana, ila kuna hatua moja waliyoiweka ambayo wengine hawana. Mfuko wa pensheni wa huko, INPS, unawalipa walio nje kupitia Citibank na benki hiyo ndiyo inaendesha uhakiki. Fomu ni ya mtu binafsi, ina jina lako, huwezi kuchukua ya jirani ukapiga kopi. Ulimwengu umegawanywa mafungu mawili ili kazi isiwe nyingi kwa wakati mmoja, na kwa fungu lenye Afrika barua zinatoka kuanzia Septemba na cheti kinatakiwa kiwe kimerudi katikati ya Januari. Sasa usiporudisha, kinachofuata siyo kukatwa moja kwa moja. Malipo ya Februari yanatolewa kwenye akaunti na kupelekwa Western Union, unaenda mwenyewe na kitambulisho kuchukua taslimu kabla ya tarehe 19, na ukichukua mwenyewe basi hiyo inahesabika kuwa uthibitisho kwamba uko hai. Asiyetokea ndo anasimamishwa kuanzia Machi.

Fikiria akili ya hatua hiyo. Barua haikujibiwa, sawa, sasa wanajaribu njia nyingine kabisa, na njia hiyo inamfanya mstaafu mwenyewe aulize, maana mtu anaweza asione barua lakini hela ikikosekana kwenye akaunti ataona. Ule mshtuko ambao kwa wengine unakuja baada ya kukatwa, huku unakuja wakati bado kuna hela inamsubiri dirishani. Mapungufu yapo. Mzee aliye kitandani hawezi kwenda dirishani, na aliye kijijini atalipa nauli kubwa kufuata hela yake mwenyewe, na kama jina kwenye kitambulisho halifanani herufi kwa herufi na jina la kwenye pensheni mhudumu anakataa na ana haki ya kukataa. Kwa waliolazwa au wasioweza kutoka kuna fomu mbadala lakini lazima uiombe mapema, haiji yenyewe. Pamoja na hayo yote, ukiniuliza ni kitu gani nchi zingine zingeiga kesho asubuhi, ni hicho, jaribu njia ya pili tofauti kabla hujakata. Iwe simu, iwe ujumbe wa simu, iwe benki kumuuliza mteja wake, chochote ila siyo bahasha ile ile.

Watu wataniambia mbona sasa kuna apu, mambo ya bahasha yamepitwa na wakati. Ni kweli, India wana cheti cha uhai cha kidijitali kinaitwa Jeevan Pramaan tangu 2014, na Ufaransa wana apu ya Mon certificat de vie ambapo mstaafu anaskani pasipoti au kitambulisho na kupiga picha ya uso na kazi imeisha sebuleni. Ufaransa tena wamefanya jambo moja la akili, cheti kimoja kwa mwaka kinatosha mifuko yote inayokulipa, zamani mtu mwenye pensheni nne alitafuta sahihi nne. Mimi naziunga mkono apu, ila tuseme ukweli zinamfaa mstaafu mwenye miaka 66 na simu nzuri. Wa miaka 88 uso umebadilika kuliko picha ya pasipoti, mikono inatetemeka, kitambulisho kimekwisha muda na apu inakikataa, mwishowe anayeshika simu ni mjukuu na tumerudi pale pale. Njia ya karatasi lazima ibaki wazi, na Ufaransa wameiacha wazi.

Haya, hela imeshakatika, ufanyeje? Kwanza kabisa usianze kwa kujaza fomu. Anza kwa kuuliza sababu, kwa maandishi kama inawezekana, maana pensheni inasimama kwa mambo mengi na dawa zake ni tofauti. Akaunti iliyofungwa au benki iliyobadilisha namba inarudisha malipo na kwa nje inaonekana vile vile kama umekatwa. Kwa Marekani kuna sheria nyingine kabisa kuhusu wasio raia, wakikaa nje zaidi ya miezi sita kamili ya kalenda malipo yanaweza kusimama isipokuwa wawe kwenye makundi yaliyosamehewa, na kwa mtu wa namna hiyo kutuma SSA-7162 kumi hakutasaidia lolote. Na kuna lile baya zaidi, kwamba umeandikwa marehemu kwa makosa, hapo siyo suala la fomu kuchelewa tena, wanataka ujitokeze na kitambulisho ili rekodi ya kifo ifutwe, na mpaka ifutwe hata benki inaweza kukugomea. Swali la kuuliza kwenye simu ni rahisi, je malipo yangu yamesimamishwa au yamefutwa, na kwa sababu gani, kuanzia mwezi gani. Kusimamishwa kwa kawaida ni mlango umefungwa tu na haki yako iko ndani, kufutwa ni kwamba huenda ukaombe upya na kuna nchi ambako hata malimbikizo yanaanza kubishaniwa.

Pili ni muda. Usilale ukasema si watanilipa tu yote baadaye. India kwa mfano wastaafu wa serikali wanahakikiwa kila Novemba, wale wa miaka 80 na kuendelea wanaanza Oktoba kuepuka foleni, na ukikosa, Desemba hela inasimama halafu ukileta cheti unalipwa za nyuma, lakini ukiacha mpaka miaka mitatu ipite jambo linapanda kwenye idhini ya ngazi ya juu. Faili la miezi mitatu linafufuliwa na karani. Faili la miaka mitatu linahitaji mkubwa aamue, na mkubwa ana maswali.

Tatu, kile unachotuma kiache alama. Piga picha fomu kila ukurasa kabla haijafungwa, tuma kwa njia yenye namba ya kufuatilia hata kama ni ghali, andika tarehe uliyotuma, kisha baada ya wiki kadhaa piga simu uulize kama imeingizwa, siyo kama imefika, imeingizwa. Kati ya kufika kwenye jengo na kuingizwa kwenye kompyuta kuna rundo, na mashine ya kusimamisha malipo haiangalii rundo. Tarehe ya sahihi nayo itazame, fomu iliyosainiwa kabla ya tarehe ya kutolewa kwake ni kama haijasainiwa, hii inawapata wale wanaotunza fomu za ziada zilizokwisha pigwa mhuri ili kurahisisha mambo.

Halafu angalia kilichokuwa kinakatwa kwenye pensheni. Kama bima ya afya au mkopo ulikuwa unalipwa kwa makato ya kila mwezi, pensheni ikisimama na makato yamesimama, na yule wa bima hajui habari za cheti cha uhai, anaona tu deni. Waandikie mapema kabla hawajafunga huduma, maana pensheni ikirudi na malimbikizo siyo lazima bima irudi nayo.

Nimemuacha mwisho yule ambaye sheria hizi zinamkamata vibaya kuliko wote, mzee ambaye kumbukumbu imeondoka. Yuko hai, hilo halina ubishi, ila hawezi kusema ndiyo mimi, hawezi kusaini, na mtoto anayemuuguza anafanya kile ambacho mtoto yeyote angefanya, anachukua kalamu anamsainia. Hilo ndilo kosa linaloweza kuleta tatizo kubwa kuliko ukimya, maana sasa siyo kuchelewa tena, sahihi ikionekana haifanani na ya zamani jina lake linakuwa kughushi. Watu wengi wanadhani hati ya uwakili kutoka kwa mwanasheria inatatua, na Marekani haiitambui kwa mambo ya mafao haya, wao wanataka mpokeaji aliyeteuliwa na wao wenyewe na yeye ndiye anajaza SSA-7161. Uteuzi huo unachukua muda, una mahojiano, una vielelezo vya daktari. Ukianza kuutafuta baada ya hela kukatwa, mzee anakaa bila kitu kipindi chote wakiwa wanaamua nani apokee. Unatakiwa uanze pale unapoona mama anarudia swali lile lile mara ya tatu asubuhi moja, wakati bado anaweza kukaa mbele ya afisa na kusema mwenyewe ni mtoto gani anamtaka amshikie hela.